Nawawi wa Minhaj na Nawawi wa Majmuu: nani mujtahidi, nani mukallidi?

"Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni Mshafii, nakaa Eastleigh, Nairobi, na nyama ya ngamia kwetu ni chakula cha kila wiki. Ustadhi wetu wa darsa anasema haivunji udhu na kwamba hiyo ndiyo kauli ya Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi. Kijana mmoja msikitini katuletea maneno ya Nawawi huyo huyo kuwa inavunja, na hadithi yake ni sahihi. Ustadhi akajibu kuwa Nawawi hakuwa mujtahidi, mwenye kutoa hukumu mwenyewe kutoka kwenye dalili, ni mukallidi, mwenye kumfuata imamu, kama sisi. Nimechanganyikiwa. Kama ni mukallidi, alimpingaje imamu wake? Kama ni mujtahidi, mbona hana madhehebu yake? Daraja hizi alizipanga nani, kwingine naona ni nne kwingine saba? Na swala nilizoswali baada ya kula ngamia je?"

Wa alaykumus salaam warahmatullah, ndugu yangu. Nianze na swala zako: ni sahihi, huna ya kulipa hata moja. Sababu utaiona njiani.

Ustadhi wako kanukuu sawa, na yule kijana naye kanukuu sawa. Maneno yote mawili ni ya Nawawi, na hakuandika moja akalifuta jingine. Fungua Minhaj kwenye mlango wa sababu za hadathi, yaani za kuvunjika udhu. Anaanza kwa kusema ni nne: kutoka kitu kwenye mojawapo ya tupu mbili isipokuwa manii, kuondoka akili, kukutana ngozi ya mwanamume na mwanamke, na kugusa tupu ya binadamu kwa kiganja. Nne, basi. Ngamia hayumo. Sasa fungua Majmuu, kitabu chake kikubwa cha kupima dalili. Humo anataja kauli mbili za Imamu Shafii: ile mpya, aliyoisema Misri, kuwa nyama ya ngamia haivunji udhu, na ile ya zamani, aliyoisema Iraki, kuwa inavunja. Kisha anaongeza kwamba hiyo ya zamani, ingawa ni dhaifu mbele ya wanazuoni wa madhehebu, ndiyo yenye nguvu kwa upande wa dalili, na ndiyo anayoiamini yeye.

Sababu ni kwamba vitabu viwili hivi vinajibu maswali mawili. Swali la Minhaj ni: madhehebu ya Shafii yanasemaje? Hapo Nawawi ni shahidi, na shahidi mwaminifu hamtilii mtu mwingine maneno yake mwenyewe kinywani. Swali la Majmuu, pale mwishoni, ni: wewe Yahya wa Nawa, ukizitazama dalili, unaona nini? Hapo anajibu kwa nafsi yake. Mwenye kusema "Nawawi ni mukallidi tu" amemsikia shahidi. Mwenye kusema "Nawawi kavunja madhehebu" amemsikia mpimaji dalili. Mtu ni mmoja.

Kosa limeanzia kwenye kudhani kuna masanduku mawili tu, la mujtahidi na la mukallidi, na kila mwanachuoni lazima atiwe katika moja. Wanazuoni wenyewe hawakupanga hivyo. Mpangilio unaosomeshwa katika madhehebu yetu ni wa Ibn Swalah, aliyefariki Damasko mwaka 643 wa Hijra (1245), katika kitabu chake cha adabu za mufti na mwenye kuuliza fatwa. Nawawi, aliyezaliwa 631 na kufariki 676 (1277), akauchukua karibu wote na kuuweka kwenye utangulizi wa Majmuu. Na utazame umewekwa wapi: kwenye mlango wa fatwa. Hawakuwa wakigawa vyeo vya heshima. Swali lao lilikuwa la kazi: mtu akiulizwa, anaruhusiwa kujibu nini, na jibu lisipopatikana vitabuni mkono wake unafika wapi?

Kwa hiyo kila daraja ipime kwa kile ambacho mwenyewe anakitengeneza na kile anachokiazima.

Wa juu kabisa ni mujtahidi aliyejitegemea, mustakili. Huyu haazimi hata kanuni. Yeye ndiye anayeamua, kwa hoja zake, kama matendo ya watu wa Madina ni dalili, kama hadithi iliyokatika sanadi kwa tabiina inapokelewa, na maneno mawili ya Mtume (s.a.w.) yakikutana, moja la jumla na moja mahususi, litangulie lipi. Malik aliyapa matendo ya watu wa Madina uzito mkubwa, Shafii akakataa, na wala hakukataa kwa kumfuata mtu. Ibn Swalah na Nawawi wote wawili wanasema daraja hii haina mtu tangu zama za mbali kabla yao. Walikuwa wakieleza hali waliyoikuta, na maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni sheria ya kuufunga mlango. Wanaoibeba kauli hiyo kama amri ya kufunga wameipa sura ambayo haikuwa nayo.

Chini yake kuna mujtahidi anayenasibishwa na imamu, muntasibu. Huyu hamfuati Shafii katika hukumu wala katika dalili. Anaitwa Mshafii kwa sababu aliichunguza njia ya Shafii ya kutoa hukumu akaiona ndiyo sawa, akaifuata kwa kukinaika. Mfano ulio wazi ni Muzani, mwanafunzi wa Shafii huko Misri, aliyefariki 264 (878). Muhtasari wake wa elimu ya Shafii ndio nguzo ya vitabu vyetu vyote, na mwanzoni kabisa anakuambia kuwa Shafii mwenyewe amekataza kufuatwa kibubusa, yeye au mwingine. Muzani anamhalifu mwalimu wake waziwazi mara nyingi ndani ya kitabu hicho hicho.

Halafu wanakuja watu wa wajhi. Hawa wamefungwa na kanuni za imamu, hawatoki nje yake, lakini masuala ambayo imamu hakuyasema wanayatoa wao kutoka kwenye maneno yake. Hilo wanaloligundua huitwa wajhi. Ibn Surayj wa Baghdadi, aliyefariki 306 (918), ni miongoni mwao, na Qaffal wa Marw, aliyefariki 417 (1026), vilevile. Mfano wa kazi yao ndio huu: imamu kasema juu ya ngozi ya mwanamke, je, ukucha ni ngozi?

Baada yao wako wenye kupima na kuchagua. Hawa wanazo kauli na wajhi zote mkononi, wanajua hoja ya kila moja, wanaweza kusema ipi ina nguvu, ila katika kutoa masuala mapya hawajafika mahali pa wale waliotangulia. Rafii, aliyefariki 623 (1226), na Nawawi mwenyewe, wengi huwaweka hapa, ndio maana madhehebu huwaita masheikh wawili. Mwisho yuko mwenye kuhifadhi na kunakili: anayafahamu madhehebu, mepesi na magumu, anayanukuu bila kukosea, lakini kusimamisha dalili si kazi anayoiweza vizuri. Na hata huyu wa mwisho, Nawawi anamshurutisha awe na fikihi nafsini mwake na fungu kubwa la masuala kichwani. Aliyesoma vitabu vya mwanzo, Safina na Abu Shujaa, bado hajafika hapo. Nasema hivyo na mimi nilianza na hizo hizo.

Sasa tuyatazame kwa karibu, kwa sababu orodha bila mfano haikai kichwani. Turudi kwenye ile ya tatu katika nne za Minhaj. Nawawi anaandika, kwa maana yake: kukutana ngozi ya mwanamume na mwanamke, isipokuwa maharimu, *fil adh-har*. Na aliyeguswa ni kama aliyegusa, *fil adh-har*. Wala hauvunjiki kwa msichana mdogo, wala nywele, wala jino, wala ukucha, *fil as-swahh*.

Mara ya kwanza niliposoma sentensi hii mbele ya sheikh wangu nilizipita zile *fil adh-har* na *fil as-swahh* mbio, kama mtu anavyopita nukta. Akanisimamisha kwa kidole kwenye kitabu: "Kauli au wajhi?" Sikujua anauliza nini. Akanirudisha kwenye utangulizi wa Minhaj, ambamo Nawawi ameweka ufunguo wa maneno yake. Akisema *adh-har*, maana yake hitilafu iko kati ya kauli mbili za Shafii mwenyewe, na ile aliyoiacha nayo ina nguvu. Hitilafu ikiwa dhaifu upande wa pili, husema *mash-hur*. Akisema *as-swahh*, hitilafu ni ya wanazuoni wa wajhi, na upande wa pili una nguvu. Ukiwa dhaifu, husema *swahih*.

Soma upya sasa. Mtu akimgusa dada yake, udhu wake haukuvunjika: hii ni *adh-har*, kumbe kuna kauli nyingine ya Shafii mwenyewe kuwa unavunjika. Hapo uko kwenye daraja ya juu, imamu anatofautiana na imamu. Mume akigusa ukucha wa mkewe, haukuvunjika: hii ni *as-swahh*, kumbe sasa umeshuka kwa watu wa wajhi, wanabishana kama ukucha unaingia katika maana ya ngozi. Na nani kachagua kati yao? Mwenye kuandika. Minhaj ni muhtasari wa Muharrar ya Rafii, kwa hiyo uchaguzi mwingi ni wa Rafii. Pale Nawawi anapomsahihisha huanza na neno *kultu*, "nasema," na kumaliza na *wallahu aalam*, ili msomaji ajue maneno ya mwingine yamekomea wapi na yake yameanzia wapi. Katika mstari mmoja wa kitabu cha wanafunzi umewaona imamu, watu wa wajhi na wapimaji, kila mmoja na saini yake. Ndiyo alama waliyotumia kutofautisha daraja, na imo ndani ya vitabu tunavyovisoma kila siku huku tukiiruka.

Na wa daraja ya mwisho? Yeye ni ustadhi anayekusomea mstari huo. Nawawi amemwekea mpaka. Atoe fatwa kwa lile analolikuta limenukuliwa. Ambalo halikunukuliwa, akiliona linafanana na lililonukuliwa kiasi kwamba haihitaji fikra kubwa kujua hakuna tofauti, au linaingia waziwazi chini ya kanuni iliyoandikwa, alitolee fatwa pia. Zaidi ya hapo anyamaze.

Chukua kucha za bandia. Mume amegusa ukucha wa plastiki kwenye kidole cha mkewe. Hutaukuta Minhaj. Lakini ukucha wa kweli, ulioota mwilini, hauvunji. Wa plastiki uliobandikwa na gundi, ni dhahiri kabisa. Mwenye kunakili ajibu bila wasiwasi. Sasa chukua mfungaji aliyewekewa dripu ya glukosi. Hapa kuna suala la kitu kuingia ndani ya mwili, kwa njia isiyo wazi, na tena kinamlisha. Vitabu vimezungumzia vya mwanzo, havikujua cha mwisho. Hapo mwenye kunakili avute breki. Masuala ya namna hii hukaliwa na wanazuoni kwa pamoja wakiwa na madaktari, kama Baraza la Fikihi la Kimataifa lilivyofanya Jeddah mwaka 1997, likatenga sindano za matibabu na vile vinavyolisha.

Nije kwenye kitu ambacho yule kijana, nadhani, alikuwa akikitegemea hata kama hakukitaja: neno la Shafii kwamba hadithi ikisihi hiyo ndiyo madhehebu yangu. Neno hili ni lake kweli. Watu wengi huliona ndio ufunguo unaoruka daraja zote: nina Sahihi Muslim kwenye simu, hadithi ya Jabir bin Samura ipo, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu udhu kwa nyama ya kondoo akaambiwa ukitaka, akauliza nyama ya ngamia akaambiwa ndiyo. Kuna nini tena?

Nawawi alilieleza neno hili katika utangulizi wa Majmuu, na maelezo yake ni makali. Anasema halina maana kwamba kila aliyeona hadithi sahihi aseme hii ndiyo madhehebu ya Shafii. Ni la aliyefikia daraja ya ijtihadi ndani ya madhehebu, na sharti lake awe na dhana yenye nguvu kuwa Shafii hakuipata hadithi hiyo, au hakujua kuwa imesihi. Dhana hiyo haipatikani ila kwa kusoma vitabu vya Shafii vyote, na vya wanafunzi wake walionukuu kwake. Akasema ni sharti gumu, wachache wanaolitimiza. Kwa nini? Kwa sababu Shafii aliziacha hadithi nyingi alizozijua ni sahihi, kwa kuwa kwake ilithibiti kuwa zimefutwa, au zimehusishwa, au zina maana nyingine.

Kisha akaleta mfano ambao nikiwa kijana ulinichoma. Abul Walid Musa bin Abil Jarud alikuwa mwanafunzi wa Shafii mwenyewe, alimuona kwa macho yake. Akasema: hadithi "amefungua mwenye kuumika na mwenye kuumikwa" imesihi, basi nasema kuwa Shafii kasema hivyo. Wanazuoni wakamrudishia. Shafii alikuwa anaijua, anajua imesihi, na aliiacha makusudi. Hoja yake ilikuwa ya tarehe: neno hilo lilisemwa mwaka wa kuifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, na Ibn Abbas, aliyepokea kuwa Mtume aliumikwa naye amefunga, alisuhubiana naye katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10. La baadaye limefuta la kabla. Ibn Abil Jarud alikosea kwa kulikoroga neno la imamu na kulinasibisha kwake, ilhali imamu kishalijibu.

Ulinichoma kwa sababu Ramadhani moja nilimwambia mzee mmoja, kwa hadithi hiyo hiyo, kuwa saumu yake ya siku ile imeharibika kwa kuumikwa, alipe. Akalipa. Alikuwa Mshafii kama mimi. Nilipofika kwenye ukurasa huo wa Majmuu, miaka baadaye, nikamtafuta nimwambie.

Sasa weka suala la ngamia mbele ya sharti lile lile. Bayhaki, aliyefariki 458 (1066), ndiye aliyekusanya maneno ya Shafii na dalili zake kuliko mtu mwingine, hadi madhehebu yakaonekana yana deni kwake. Yeye ananukuu kwa baadhi ya wanazuoni wetu kuwa Shafii alisema hadithi ya udhu kwa nyama ya ngamia ikisihi, nitaisema. Akaongeza kuwa zimesihi mbili, ya Jabir bin Samura na ya Baraa bin Azib. Kumbe hapa ile dhana ipo, na yenye kuishikilia ni kauli ya imamu mwenyewe. Tena kauli ya zamani ipo, kwa hivyo si kitu cha kigeni kwenye madhehebu. Na jibu la upande wa pili lilipimwa: wenye kusema haivunji wana hadithi ya Jabir bin Abdillah kwamba la mwisho katika mambo mawili lilikuwa kuacha udhu kwa kilichoguswa na moto. Nawawi akajibu kwamba hiyo ni ya jumla, na ya ngamia ni mahususi, na mahususi hutangulia. Hiyo ni kanuni ya Shafii. Nawawi amempinga Shafii kwa mizani ya Shafii.

Basi jibu la swali lako la kwanza liko hapa. Nawawi alipochagua kauli ya zamani hakujitengenezea kanuni, kwa hivyo hakuhitaji madhehebu yake. Na hakunyamaza kwa kuwa imamu kasema, kwa hivyo si mukallidi kama sisi. Katika suala hilo moja alipanda kupita mahali anapowekwa kwa kawaida. Jambo hili lenyewe waliliandika: mtu anaweza kuwa na ijtihadi katika mlango mmoja, kwa mfano mirathi, na akawa mfuasi katika mingine. Daraja ni za mtu katika suala, kabla ya kuwa za mtu.

Vile vile usimwone mukallidi kuwa ni mjinga. Shamsuddin Ramli wa Misri, aliyefariki 1004 (1596), waliitwa watu wachache mno kwa jina alilopewa yeye: Shafii mdogo. Yeye na Ibn Hajar Haytami wa Makka, aliyefariki 974 (1567), ndio wanaotegemewa kwa fatwa masheikh wawili wanaponyamaza. Wamisri wengi humtanguliza Ramli, na Hadhramauti humtanguliza Ibn Hajar, na kwetu pwani, ambako fikihi nyingi imekuja na masheikh wa Hadhramauti, utasikia jina la Ibn Hajar darsani mara kwa mara. Hawa wote kwa daraja wanahesabiwa ni wafuasi.

Kuhusu nne na saba, hilo nitalipita upesi. Nne ni hizi zetu, ukimtoa mustakili wa juu. Saba ni za Wahanafi. Alizipanga Ibn Kamal Pasha, Sheikhul Islamu wa Uthmaniya, aliyefariki 940 (1534), na Ibn Abidin wa Damasko akazieneza. Yeye alikata daraja za chini vipande vingi zaidi, na akaweka majina ya watu kwenye karibu kila kipande. Hapo ndipo alipokosolewa: Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Abu Hanifa, kawaweka kuwa wamefungwa na kanuni za mwalimu wao, na Marjani wa Kazani, katika karne ya 19, alisema hilo halisimami kwa watu waliomhalifu mwalimu wao kiasi kile. Kwetu ubishi kama huo upo kwa Muzani: akisema la peke yake, je, ni wajhi katika madhehebu au ni madhehebu yake? Imamul Haramayn Juwayni na wengine waliangalia kama limejengwa juu ya kanuni za Shafii au limetoka nje. Nami naona hiyo ndiyo njia nzuri zaidi. Itazame hoja imesimama juu ya nini, halafu ndiyo uipe jina. Na mtu akijipa jina mwenyewe huzuka vita. Suyuti, aliyefariki 911 (1505), alisema amefika ijtihadi, Kairo ikamjia juu, hadi akabidi aeleze kuwa anakusudia ya kunasibishwa na Shafii, hakukusudia ya kujitegemea.

Wewe uko wapi? Wewe, kwa ulivyojieleza, ni ammi, mtu wa kawaida katika elimu hii, hata ukiwa mhasibu hodari au daktari. Wanazuoni wanasema ammi hana madhehebu ya kuyatetea; madhehebu yake ni ya mufti wake. Kazi yako ni kutafuta mtu mwenye elimu na uchaji, umuulize, ufanye alivyokwambia. Ulimuuliza ustadhi, akakupa kauli inayotegemewa ya madhehebu yenu, ukaswali. Ndiyo maana sikukuamrisha kulipa. Hata Nawawi, pamoja na kuamini kwake, sijaona alipoandika kuwa Washafii waliokula ngamia wakaswali warudie.

Kwa mbele, una njia mbili zilizo sawa na moja ningeipendelea. Unaweza kuendelea na kauli inayotegemewa. Unaweza kumfuata Nawawi katika chaguo lake, maana ni mwanachuoni wa kufuatwa, lakini hapo usiseme "Shafii kasema." Ninayoipendelea ni ya vitabu vyenu wenyewe: wanaosema haivunji wanasema pia ni sunna kutawadha baada yake, ili mtu awe ametoka kwenye hitilafu. Maji ya bomba msikitini na dakika mbili. Ila usimgeuzie mwenzako sunna hiyo kuwa faradhi, wala usitoke safuni kwa sababu imamu katoka mgahawani.

Kuna mahali maandishi kama haya hayakutoshi. Udhu unaweza kuuliza kwa barua. Talaka, mirathi, ndoa iliyofungwa kwa sharti lenye utata, usiniulize mimi wala usimuulize yule kijana. Kenya mna Mahakama za Kadhi kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kadhi akihukumu, hukumu yake inaondoa hitilafu katika kesi ile, hata kama wewe ulikuwa na kauli nyingine. Nenda mwenyewe, na maneno yaliyotamkwa uyaandike kama yalivyotamkwa, siku hiyo hiyo, na nani aliyekuwepo. "Nimekuacha" na "nitakuacha" masuala yake ni mawili, na mtu wa mbali hawezi kuyatenganisha kwa kusimuliwa.